Milango Miwili, Chumba Kimoja

Kila boksi la hedifoni za mfupa nililowahi kulishika lina picha ya mtu anayekimbia barabarani huku akitabasamu, na chini yake ahadi ileile kwa maneno tofauti tofauti: masikio yako yako wazi, kwa hiyo utasikia magari. Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo ni kweli tupu. Tatizo langu ni hilo "kwa hiyo". Ukikaa miaka kadhaa kwenye chumba cha habari unajifunza kwamba uongo wa makusudi ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Kinachopatikana kwa wingi ni mambo mawili ya kweli yaliyoungwa kwa neno ambalo halikupaswa kuwepo.

Kwa asiyewahi kuziona: ni utepe mwembamba unaopita nyuma ya kisogo, ukaning'inia juu ya masikio, na kuishia kwa vidonge viwili bapa vinavyokaa mbele ya masikio, pale mfupa wa shavu unapokutana na taya. Hakuna kinachoingia kwenye tundu la sikio. Ukimwona mtu amezivaa kwa mara ya kwanza unadhani amezivaa vibaya, na unatamani kumsaidia kuzisogeza.

Ndani ya kila kidonge kuna koili ya waya, sumaku, na kipande cha chuma chenye uzito. Umeme wa muziki unapopita kwenye koili, koili na sumaku vinavutana na kusukumana mamia au maelfu ya mara kwa sekunde. Kwenye spika ya kawaida nguvu hiyo husukuma karatasi nyepesi, na karatasi husukuma hewa. Hapa hakuna karatasi. Nguvu inajaribu kukitikisa kile kipande kizito, na kwa kuwa kitu kizito hakisogei kirahisi, ganda la hedifoni ndilo linalotetemeka na kuusukuma mfupa ulio chini yake. Mtetemo unapita kwenye ngozi, unaingia kwenye fuvu, na fuvu zima linatikisika kidogo kiasi ambacho huwezi kukihisi.

Ndani kabisa ya fuvu, nyuma ya sikio unaloliona kwenye kioo, kuna koklea: kimrija kilichojikunja kama gamba la konokono, kimejaa maji na vinyweleo vidogo sana vinavyogeuza mtikisiko wa maji hayo kuwa ishara za neva. Sauti ya kawaida hufika hapo kwa njia ndefu. Hewa inaipiga ngoma ya sikio, ngoma inavisukuma vijifupa vitatu vilivyopangana, kijifupa cha mwisho kinagonga dirisha dogo la koklea, na maji yanatikisika. Sauti ya mfupa inaruka karibu safari hiyo yote. Fuvu likitikisika, koklea iliyozikwa ndani yake inatikisika nayo.

Huhitaji kununua chochote ili kulithibitisha hili. Vuma wimbo wowote mdomo ukiwa umefunga, halafu ziba masikio yote mawili kwa vidole. Sauti yako inakuwa kubwa na nzito, kana kwamba umeingia ndani ya mtungi. Kilichotokea ni kwamba mifupa yako inatikisa hata kuta za tundu la sikio, na kwa kawaida sehemu ya sauti hiyo huvuja na kutoka nje. Ukiziba, inabaki ndani, hasa ile ya besi. Ndiyo sababu pia sauti yako iliyorekodiwa inakukera. Kila siku unaisikia kwa njia mbili, hewa na mfupa, na kinasa sauti kinakupa ya hewa peke yake. Nimefanya mahojiano mamia na bado nikisikia swali langu kwenye rekodi huwa najiuliza ni nani huyu kijana mwenye mafua.

Wazo lenyewe ni kongwe. Wapenzi wa fasihi watafurahi kujua kwamba mmoja wa waliolihangaikia ni Hugo Gernsback, yule mhariri ambaye tuzo ya Hugo ya hadithi za kisayansi imebeba jina lake. Mwaka 1923, miaka mitatu kabla ya kuanzisha jarida lake la hadithi hizo, aliomba hataza ya chombo alichokiita osofoni, cha kuwasaidia wasiosikia vizuri: mtumiaji anakiuma kwa meno, na sauti inapita kwenye meno hadi kwenye fuvu. Kwa kukimbilia kingekuwa kizungumkuti, lakini kanuni ni hii hii.

Hata hivyo, mtu ninayemhitaji kwenye hoja yangu siyo Gernsback bali ni Georg von Békésy, Mhungaria aliyekuwa akifanya utafiti kwenye maabara ya simu mjini Budapest, na ambaye baadaye, mwaka 1961, alipata Tuzo ya Nobeli kwa kazi yake juu ya koklea. Mwaka 1932 alifanya jaribio ambalo mimi naliona zuri kuliko mashairi mengi. Alimpa msikilizaji mlio mmoja kwa njia ya mfupa na mlio huohuo kwa njia ya hewa. Kisha akawa anaurekebisha mmoja, ukubwa wake na wakati wake, mpaka wimbi la huu likawa linapanda sawasawa na wakati wimbi la ule linashuka. Mlio ukapotea. Sauti mbili zimeingia kichwani, na mtu hasikii kitu.

Kama mfupa na hewa vingekuwa na vyumba tofauti vya kusikilizia, hilo lisingewezekana. Mawimbi mawili yanafutana pale tu yanapokutana mahali pamoja, kwenye maji yaleyale. Milango ni miwili ila chumba ni kimoja. Na wale wanaosema hedifoni hizi haziwezi kuharibu usikivu kwa sababu "hazigusi ngoma ya sikio" wapate jibu lao hapohapo: sauti kubwa huviua vinyweleo vya kwenye koklea, na koklea haiulizi sauti imepitia mlango gani.

Nimeyafuatilia haya kwa sababu ya mdogo wangu. Anaendesha baiskeli kutoka Mwenge kwenda kazini Posta, kama kilomita kumi, sehemu kubwa ikiwa ni Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, pamoja na daladala, malori ya mchanga, na bodaboda zinazopita upande wowote zinaoona una nafasi. Ni msomaji mkubwa wa vitabu vya kusikiliza. Mwaka jana, siku yake ya kuzaliwa ikikaribia, alinitumia picha ya boksi na maneno matatu: "Kaka, masikio wazi." Mama alikuwa amemkataza kuvaa kitu chochote masikioni barabarani, na sasa alikuwa amepata kitu kisichoingia masikioni. Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Kwangu ilikuwa ndiyo inaanza, maana zawadi ningenunua mimi, na kama lori lingempata ningelikumbuka lile boksi maisha yangu yote.

Tulienda Kariakoo pamoja. Pale kuna kitu kinachofaa kujulikana na kila mnunuzi: vingi vinavyouzwa kwa jina la hedifoni za mfupa havina uhusiano wowote na mfupa. Ni vispika vidogo vya kawaida vinavyoning'inia karibu na tundu la sikio na kupuliza sauti hewani. Umbo linafanana, boksi linafanana, hata ile picha ya mkimbiaji anayetabasamu ni ileile. Kipimo chake ni kidole. Zivae, washa muziki kwa sauti ya wastani, kisha ziba masikio yako. Ya kweli itasikika zaidi, na besi yake itajaa, kwa sababu ileile ya kuvuma mdomo ukiwa umefunga. Ya uongo itafifia mara moja kwa kuwa umeifungia mlango wake pekee. Muuzaji wa kwanza alitushangaa sana tulipokuwa tunaziba masikio ili tusikilize bidhaa yake. Wa tatu alikuwa anakijua kipimo hicho, akacheka, akatoa boksi lingine kutoka chini ya meza.

Niseme kwanza vinachoweza kufanya, kwa sababu nisije nikaonekana nimekwenda kuvishtaki. Tundu la sikio likiwa wazi, unabaki na uwezo wa kujua sauti inatoka wapi, na barabarani huo ni nusu ya usalama. Bodaboda ikiwa kulia kwako, sauti yake inafika sikio la kulia mapema kuliko la kushoto kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ubongo unaipima tofauti hiyo bila wewe kujua. Mikunjo ya sikio la nje nayo inaipaka sauti rangi tofauti ikitoka mbele au nyuma. Ukichomeka iafoni za kawaida unaivuruga hesabu yote hiyo. Hata ukichomeka moja tu, kama wengi wanavyofanya wakidhani wamepata suluhu, hesabu inayohitaji masikio mawili imebaki na moja. Utajua kuna pikipiki. Hutajua iko wapi.

Kwa hiyo sifa ya hedifoni za mfupa haikutoka hewani. Uingereza, kwenye mbio za barabarani ambazo barabara haijafungwa kabisa kwa magari, kanuni za riadha zimekuwa zikiwakataza wakimbiaji kuvaa hedifoni isipokuwa hizi. Ni kanuni yenye mantiki ukizilinganisha na iafoni zinazoziba. Mgogoro unaanza pale mtu anapozilinganisha na masikio matupu.

Sasa turudi kwenye kile chumba kimoja. Ukiwa unasikiliza muziki kwa mfupa na gari linakuja kwa hewa, sauti zote mbili zinakwenda kutikisa maji yaleyale na kuamsha vinyweleo vilevile. Iliyo kubwa inaifunika iliyo ndogo, kama vile mazungumzo ya jirani yanavyopotea mashine ya kusaga inapowashwa. Na gari la kuhofiwa, kwa muda wote ambao bado una nafasi ya kukwepa, ni sauti ndogo. Ukubwa wake unakuja mwishoni.

Hapa hesabu kidogo inasaidia. Chukua mdogo wangu akiwa kwenye kilomita 20 kwa saa, na nyuma yake gari kwenye kilomita 60. Gari linamkaribia kwa tofauti ya hizo mbili, kilomita 40 kwa saa, ambayo ni kama mita 11 kila sekunde. Tuseme mtaa umetulia, hana kitu kichwani, na analisikia gari likiwa mita 60 nyuma. Ana sekunde tano na nusu: kugeuka, kuangalia, kusogea pembeni, hata kumsonya dereva. Sasa, sauti inayotoka sehemu moja na kusambaa kwenye uwazi hupungua kwa takribani desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Ligeuze hilo: kama muziki umekufunika kiasi kwamba gari linahitaji kuwa na desibeli 6 zaidi ndipo ulisikie, basi utalisikia likiwa nusu ya umbali ule. Mita 30. Chini ya sekunde tatu. Desibeli 6 nyingine, mita 15, sekunde moja na ushee. Na desibeli 6 siyo kitu cha kutisha ukiwa umeshika simu. Kwenye simu yangu ni kama mibonyezo miwili au mitatu ya kitufe cha sauti.

Barabara halisi ina kuta, miti na magari mengine, hivyo namba hazitakaa sawasawa hivyo. Lakini mwelekeo wake ni huo, na unaniogopesha kwa sababu mtumiaji hauhisi. Yeye anachokihisi ni kwamba magari bado anayasikia. Ni kweli anayasikia. Anayasikia yamechelewa.

Tulikwenda kulipima. Jumapili moja, saa moja asubuhi, kwenye mtaa uliotulia wa Mikocheni wenye nguzo za umeme zilizopangana vizuri. Alisimama nje ya barabara, ndani ya geti la rafiki yetu, mgongo kwa magari yanakotokea, macho amefumba. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mkono akisikia gari. Yangu ilikuwa kuandika limefika nguzo ya ngapi. Bila hedifoni, magari mengi aliyanyooshea mkono yakiwa karibu na nguzo ya tatu. Akisikiliza kitabu kwa sauti ya kuelewana tu, mkono ulipanda kati ya nguzo ya tatu na ya pili. Kisha nikamwambia aweke muziki, kwa sauti anayoitumia njia kuu. Gari dogo jeupe lilipita nguzo ya tatu, likapita ya pili, likawa linaikaribia ya kwanza, ndipo mkono ukapanda. Alipofumbua macho na kuliona lilipo, hakusema kitu. Akaomba turudie. Tukarudia mara sita, na muziki ulikuwa unatukata nguzo moja au zaidi kila mara, isipokuwa kwa bajaji, ambazo hata aliyelala anazisikia.

Tofauti kati ya kitabu na muziki ina maelezo yake. Msomaji wa kitabu anapumua. Kati ya maneno na kati ya sentensi kuna vipenyo vya ukimya, na sauti ya gari inapenya humo. Muziki wa kisasa, hasa ule wa kukimbilia, umekandamizwa studio ili usiwe na kipenyo hata kimoja: sauti ileile nene kutoka mwanzo hadi mwisho. Besi yake nayo ina tabia mbaya ya ziada, kwamba sauti za chini zikiwa kubwa hufunika zile za juu yake kwa urahisi kuliko za juu zinavyofunika za chini. Mngurumo wa matairi kwenye lami uko juu ya besi, yaani mahali hasa panapofunikwa. Ajabu ni kwamba udhaifu unaolalamikiwa sana wa hedifoni za mfupa, kwamba besi yake ni hafifu, hapa ni faida. Ila watu wanajaribu kuufidia kwa kuongeza sauti mpaka vidonge vinawatekenya mashavu. Ukihisi kutekenywa, ujue umeshavuka mpaka.

Halafu kuna njia kuu. Saa mbili asubuhi pale Morocco, kelele ya magari yenyewe inazifunika zote mbili, kitabu na lori. Mdogo wangu anapandisha sauti ili asikie maneno, na ili maneno yasikike ndani ya kelele ile lazima yakaribie ukubwa wa kelele yenyewe, kwa hiyo chochote kidogo kilichobaki cha kusikika nacho kinakwenda. Mwendo wa baiskeli unaongeza upepo unaovuma kwenye matundu ya masikio, na kila ukikaza mwendo unazidi. Mkimbiaji haupati upepo huo kwa kiwango kile. Matokeo yake ni kinyume na lile boksi: hedifoni hizi zinafanya kazi vizuri pale ambapo barabara imetulia, na zinashindwa palepale ambapo ulizinunulia.

Wengi wanagundua njia ya mkato. Baadhi ya maboksi huja hata na viziba masikio vya sponji, kwa matumizi ya ndani ya ndege au kwenye mashine. Ukivichomeka njia kuu, muujiza: kitabu kinasikika vizuri mno, besi imerudi, kelele imekwisha. Bila shaka imekwisha, umeufunga mlango wa hewa. Nimewahi kumwona kijana mwenye baiskeli ya mashindano kwenye Daraja la Tanzanite amevaa hivyo, hedifoni za mfupa juu na sponji za njano ndani, na sikuelewa alilipia nini.

Kwa sisi tunaokimbia kwa miguu mambo ni mepesi kidogo. Tanzania magari yanapita kushoto, kwa hiyo mkimbiaji anayejua anachofanya anakimbilia kulia, uso kwa uso na magari, na macho yanafanya kazi ambayo mwendesha baiskeli ameyaachia masikio. Kinachobaki nyuma ni bodaboda inayokuja kinyume cha njia, na hiyo kwa bahati ina kelele. Au ilikuwa nayo. Sasa pikipiki na bajaji za umeme zimeanza kuzoeleka Dar es Salaam, na kwa mwendo mdogo kinachosikika ni mluzi mwembamba na matairi. Ulaya, tangu 2021, magari mapya ya umeme yanalazimika kutoa sauti ya kutengenezwa yakiwa chini ya kilomita 20 kwa saa, ila sheria hiyo ni ya magari ya magurudumu manne. Pikipiki haimo. Mara ya kwanza nilipopitwa na moja kutoka nyuma nilikuwa sijavaa chochote, na bado niliiona kabla sijaisikia.

Nilizinunua. Masharti tuliyawekeana tukiwa bado kwenye ile geti, yeye akiyapinga moja baada ya jingine na mimi nikiwa na daftari la nguzo. Vitabu tu, muziki hapana. Kamba za helmeti zipite nyuma ya vidonge na zisivipande, kwa sababu kamba ikikiinua kidonge hata kidogo kutoka kwenye ngozi, sauti inashuka na mtu anapandisha volyumu bila kujiuliza kwa nini imeshuka. Kipimo cha sauti alikipata mwenyewe, na ni kizuri kuliko nilichokuwa nimekiandaa mimi. Nilikuwa nimemwambia asikilize pumzi yake. Akaniambia pumzi inasikika kwa ndani, kwa mlango wa mfupa, kwa hiyo haipimi kitu. Yeye anaacha kukanyaga pedeli na kusikiliza ile tikitiki ya gurudumu la nyuma, ambayo iko nje na inakuja kwa hewa. Kama haiisikii, anapunguza.

Na njia kuu anazima. Anasikiliza kwenye mitaa ya ndani kutoka nyumbani, na akikaribia kutokea barabarani anabonyeza kitufe cha upande wa kushoto, kitabu kinasimama, vidonge vinabaki shavuni bila kazi mpaka mjini. Kioo kidogo cha pembeni nilichomfungia kwenye mshikio kilinigharimu sehemu ndogo sana ya bei ya hedifoni, na kwenye ile barabara ndicho kinachomwambia kilicho nyuma. Analalamika, bila shaka. Anasema hajawahi kusikia mwisho wa sura akiwa amekaa kwenye baiskeli. Msimuliaji anakatwa katikati ya sentensi kila asubuhi, na yeye anaimalizia Posta, amesimama karibu na uzio, helmeti bado kichwani, mkono mmoja unafunga mnyororo.